Neno Moja, Kampeni Mbili: Google Inapochagua Tangazo Lipi Lioneshwe

Saa moja usiku mjini Moshi, ofisi nyingi za kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro zimeshafunga milango. New York wakati huo, kama ni majira ya kiangazi, ndiyo kwanza saa sita mchana. Mtu aliye kwenye mapumziko ya chakula anaandika kwenye Google `kilimanjaro climb cost`, na tangazo la kampuni moja ya Moshi linatokea juu ya matokeo. Analibofya, kampuni inakatwa pesa, na kwenye akaunti ya matangazo mbofyo ule unaandikwa upande wa Performance Max. Kesho yake asubuhi msimamizi wa matangazo anakuna kichwa. Maneno hayo matatu, herufi kwa herufi, ameyaweka mwenyewe kwenye kampeni yake ya utafutaji, na alishaambiwa kwamba kampeni ya utafutaji ndiyo inayopewa nafasi kwanza.

Kampuni hiyo ni ya mfano, na hesabu zake zitakazofuata ni za mfano pia. Kisa chenyewe hutokea katika akaunti nyingi zenye kampeni za aina mbili, na mara nyingi wenye akaunti hawajui.

Kampeni ya utafutaji ndiyo ile ya zamani. Mtangazaji anachagua maneno, anaandika tangazo, anataja ukurasa ambao mteja atafikishwa, na tangazo linatokea pale tu mtu anapotafuta kitu. Performance Max ni ya juzi. Ilifunguliwa kwa watangazaji wote Novemba 2021, na mwaka uliofuata Google ikahamishia humo kampeni zake za Smart Shopping na za Local. Mtangazaji anaikabidhi picha, video, vichwa vya habari, bajeti na lengo, kisha mashine inaamua yenyewe pa kuonesha: kwenye matokeo ya utafutaji, YouTube, Gmail, Ramani za Google, Discover, au kwenye tovuti za watu wengine zinazobeba matangazo ya Google. Haidai orodha ya maneno. Inasoma tovuti ya kampuni, inasoma mada za utafutaji ambazo mtangazaji amezipendekeza kama dokezo, na inakisia nani wa kumfuata. Tovuti ikiwa imejaa Machame, Lemosho na bei za kupanda, mashine itayafuata maneno yale yale ambayo kampeni ya utafutaji inayalenga. Kwa hiyo kugongana kwa maneno hakutokani na uzembe wa mtu. Kumo ndani ya muundo wa kampeni yenyewe.

Hofu ya kwanza ya wengi ni kwamba kampeni mbili za kampuni moja zitapandishiana dau, mtu awe mnunuzi anayeshindana na nafsi yake mnadani. Haiendi hivyo. Google huchagua kwanza tangazo lipi la akaunti hiyo liingie mnadani kugombea nafasi, na lile lililoachwa halihesabiwi kuwa mshindani. Hasara iko kwingine. Mteja anaweza kuoneshwa maandishi yasiyojibu alichouliza, akapelekwa ukurasa wa mwanzo badala ya ukurasa wa bei, na, baya kuliko yote, mwenye kampuni akasoma hesabu zisizoonesha nani kaleta nini kisha akahamisha pesa kwa kuzifuata.

Kanuni ya Google kuhusu nani atangulie ni fupi. Alichoandika mtafutaji kikiwa sawasawa na neno ulilolisajili kwa ulinganifu kamili, yaani lile linaloandikwa ndani ya mabano ya mraba, kampeni ya utafutaji inatangulia. Kama si hivyo, maneno yenye ulinganifu wa kirai na ulinganifu mpana yanasimama daraja moja na mada za utafutaji za Performance Max. Hapo kinachoamua ni Ad Rank, alama ambayo Google huipiga upya kila mnada kwa kuangalia dau, ubora wa tangazo na ukurasa wake, na mazingira ya mtafutaji mwenyewe.

Wengi huishia kwenye sentensi ya kwanza ya kanuni hiyo, wakalala usingizi. Uzito wake uko kwenye neno “sawasawa”. Tangu miaka kadhaa iliyopita ulinganifu kamili wa Google umelegezwa, ukakubali mpangilio tofauti wa maneno na hata maneno mengine yenye maana ile ile. Mtu akisajili

```
[kilimanjaro climb cost]
```

tangazo lake linaweza kumtokea aliyeandika `cost to climb kilimanjaro`. Linaweza kutokea, ndiyo, lakini ule upendeleo wa kutangulia haupo tena, kwa kuwa maandishi hayafanani. Kosa la tahajia halidhuru, maana Google hulisahihisha kwanza. Mpangilio tofauti unadhuru. Neno lile lile kwa maana, mbele ya Ad Rank, linakwenda kwa yeyote aliye na alama kubwa, na Performance Max yenye bajeti nono na historia nzuri ya wateja haikosi kushinda mara kadhaa. Dawa yake ni ya mikono: kufungua orodha ya yaliyotafutwa kweli, kuchukua namna tano au kumi za kuuliza zinazoleta wateja mara kwa mara, na kusajili kila moja kama ilivyoandikwa na watafutaji, ingawa kwa macho zinaonekana ni kurudia kitu kimoja. Kusajili mia tatu hakuna faida. Nyingi zitabandikwa alama ya `Low search volume`, na neno lenye alama hiyo halishiriki mnada wowote.

Hapo tunafika kwenye kile kilichomkuta msimamizi wa Moshi. Neno lake lilikuwa sawasawa na lililotafutwa, na bado Performance Max ikapita. Kanuni inasema neno litangulie likiwa na sifa ya kuoneshwa kwa wakati ule. Kampeni yake ya utafutaji ilikuwa na ratiba: saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, saa za ofisi, kwa sababu mwenye kampuni alitaka kuwe na mtu wa kujibu ujumbe. Ratiba hufuata saa za akaunti, na akaunti ilifunguliwa kwa saa za Afrika Mashariki. Saa kumi na mbili jioni ya Moshi ni saa tano asubuhi ya New York wakati wa kiangazi, na saa nne wakati wa baridi. Kwa ratiba ile kampeni ya utafutaji ilikuwa macho Wamarekani wakiwa wamelala, ikafunga duka wao wakikaa mezani. Performance Max haikuwekewa ratiba yoyote, kwa hiyo mchana wote wa Marekani ulikuwa wake peke yake, bila ushindani wa ndani.

Ratiba ni sababu mojawapo tu. Bajeti ndiyo inayoongoza. Kampeni iliyobandikwa `Limited by budget` haioneshwi kila inapostahili, kwa sababu Google huinyima baadhi ya minada ili pesa ifike jioni. Kila mnada inayonyimwa, Performance Max ipo mlangoni. Nyingine ni eneo (kampeni ya utafutaji imelenga Marekani na Uingereza, Performance Max imelenga dunia nzima), lugha, tangazo lililokataliwa, na dau lililobanwa chini mno. Ndiyo maana mtu anayejua kazi hii akikuta neno lake limehamia upande wa pili halaumu mashine kwanza. Anafungua safu ya hali ya neno, kisha ya kampeni, na mara nyingi jibu limeandikwa hapo kwa herufi ndogo.

Hadi mwaka 2025 hata kugundua kwamba neno limehama ilikuwa kazi. Performance Max ilikuwa inatoa makundi ya mada, si maneno yenyewe, na kuzuia neno katika kampeni moja kulihitaji kuwaandikia watu wa huduma ya wateja. Mwaka huo Google ilileta maneno ya kuzuia katika kiwango cha kampeni, kwanza mia moja na baadaye hadi 10,000, ikafungua na ripoti kamili ya `Search terms` kwa Performance Max. Kwa mwandishi huyu, ripoti hiyo ina thamani kuliko zana nyingine zote zilizoongezwa, kwa sababu ndiyo inayofichua habari ya jina la kampuni.

Habari yenyewe ni hii. Mtu aliyepewa jina la kampuni na rafiki yake aliyepanda mlima mwaka jana, au aliyeliona kwenye tovuti ya maoni ya wasafiri, huandika jina hilo Google. Huyo ameshaamua nusu ya safari. Kumwonesha tangazo ni rahisi, na uwezekano wa kujaza fomu ni mkubwa. Mashine iliyoambiwa “niletee maombi ya bei kwa bei nafuu” itawafuata watu hao kabla ya wengine wote, na haifanyi kosa, inatii. Kinachoharibika ni hesabu ya mwenye kampuni.

Tuzitazame namba za kampuni yetu ya mfano. Kwa mwezi mmoja kampeni ya utafutaji imetumia dola 1,440 na kuleta maombi ya bei 24, yaani dola 60 kwa ombi. Performance Max imetumia dola 1,200 na kuleta maombi 40, dola 30 kwa ombi. Mkurugenzi anaitazama karatasi na kusema jambo ambalo mkurugenzi yeyote angesema: funga ile ya kwanza, pesa yote iende ya pili.

Msimamizi anaomba mwezi mmoja. Anafungua ripoti na kukuta kwamba maombi 26 kati ya yale 40 yalitoka kwa watu walioandika jina la kampuni. Analiweka jina hilo, pamoja na namna watu wanavyolikosea, kwenye maneno ya kuzuia ya Performance Max. Anaanzisha kampeni ndogo ya utafutaji yenye jina hilo pekee, kwa ulinganifu kamili. Kuna njia nyingine, ile ya orodha za chapa za kutengwa, lakini hiyo hutegemea chapa iwemo kwenye orodha ya Google, na kampuni ndogo ya Moshi huenda ikabidi iombe kuongezwa kwanza. Maneno ya kuzuia hayasubiri ruhusa.

Mwezi wa pili kampeni ya jina inaleta maombi 27 kwa dola 108, dola nne kwa ombi. Performance Max, kwa dola zake zile zile 1,200, inaleta maombi 15, yaani dola 80 kwa ombi. Kampeni ya utafutaji ya kawaida inabaki na 24 kwa dola 60. Anayejumlisha ataona kwamba jumla haikubadilika sana: maombi 64 kwa dola 2,640 mwezi wa kwanza, 66 kwa dola 2,748 mwezi wa pili. Biashara haikupata muujiza. Kilichobadilika ni kwamba sasa inajulikana dola 1,200 zinanunua nini hasa, na kwamba kampeni iliyokuwa ifungwe ndiyo inayoleta wateja wapya kwa bei ndogo zaidi.

Halafu kuna ubora wa maombi yenyewe. Ofisi ya mauzo inapopiga simu na kutuma ujumbe wa WhatsApp, inagundua kwamba kati ya wale 15 wa Performance Max sita hawakuwa wateja: namba za simu za uongo, na vijana waliojaza fomu ya bei wakiomba kazi ya upagazi. Upande wa utafutaji wako watatu wa namna hiyo kati ya 24. Tukiwahesabu wateja wa kweli peke yao, ombi moja la Performance Max linagharimu karibu dola 133 na la utafutaji karibu dola 69. Jambo hili hutokea kwa sababu tangazo kwenye tovuti na programu za simu humfikia mtu asiyetafuta chochote, na fomu fupi hujazwa na yeyote. Ofisi ikirudisha kwenye Google taarifa ya maombi yaliyothibitishwa tu, mashine hujifunza kuwafuata watu wa namna hiyo. Isiporudisha, mashine itaendelea kutafuta wajaza fomu, na itawapata.

Kwa hiyo nani apewe kipaumbele? Kwa biashara kama hii, inayouza kitu kimoja cha bei kubwa kwa kuombwa bei, jibu la mwandishi huyu halina kigugumizi: jina la kampuni na maneno machache yanayoonesha nia ya kununua ni ya kampeni ya utafutaji, na Performance Max ifanye kazi kwenye kinachobaki. Kinachobaki si makombo. Humo mna maswali ambayo hakuna msimamizi angeyafikiria, na mna YouTube, ambako mtu huutazama mlima miezi mingi kabla hajauliza bei.

Duka la mtandaoni lenye bidhaa elfu kadhaa zilizounganishwa na Merchant Center lina sababu ya kuamua kinyume. Hakuna mtu atakayesajili maneno ya kila kiatu na kila saizi, na matangazo yenye picha na bei ndiyo yanayouza. Hata huko mambo yamelegezwa. Zamani Performance Max ilitangulia moja kwa moja mbele ya kampeni ya kawaida ya Shopping kwa bidhaa ile ile, lakini tangu Oktoba 2024 Ad Rank ndiyo inayoamua.

Wenye haraka, wakishaamua kwamba neno ni la utafutaji, hulizuia upande wa pili papo hapo. Hapo ndipo panapoharibika. Turudi kwenye ratiba ile ya saa za ofisi. Msimamizi angelizuia `kilimanjaro climb cost` kwenye Performance Max kabla ya kuirekebisha ratiba, Mmarekani wa saa sita mchana asingeona tangazo lolote la kampuni. Kampeni moja ingekuwa imelala na nyingine imefungwa mdomo. Kwenye ripoti ingeonekana kama gharama imeshuka, na mtu angeshangilia. Mpangilio salama ni kuipa kwanza kampeni ya utafutaji kila kinachohitajika ili istahili kuoneshwa, yaani bajeti, saa, eneo na tangazo lililokubaliwa, kisha kusubiri wiki mbili na kuangalia ripoti tena. Mara nyingi maneno ya ulinganifu kamili hurudi yenyewe bila kuzuia chochote, kwa kuwa ndivyo kanuni inavyosema. Yasiporudi, ndipo kuzuia kunapofaa, na kwanza kwa mabano ya mraba, neno kwa neno. Anayezuia kwa alama za kunukuu

```
"kilimanjaro climb"
```

anafunga kila utafutaji wenye maneno hayo mawili yakifuatana, pamoja na mamia ambayo kampeni yake ya utafutaji haijayasajili.

Ikumbukwe pia kwamba maneno ya kuzuia hufanya kazi kwenye matokeo ya utafutaji na ya Shopping tu. Mtu yule yule aliyezuiwa kule anaweza bado kuoneshwa video ya kampuni YouTube, na hilo si kasoro.

Kipimo cha mwisho ni jumla, si kampeni moja moja. Kampeni inaweza kung'ara kwa kumnyang'anya jirani yake, kama ilivyokuwa kwa yale maombi 26. Google ina majaribio yaliyotengenezwa kupima ni nini kinaongezeka Performance Max inapowekwa juu ya kampeni zilizopo, na akaunti yenye maombi ya kutosha inafaa kuyatumia. Yenye maombi machache itabidi ilinganishe mwezi na mwezi, ikizingatia msimu: Januari na Februari, na Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi ya ukame ambayo wapandaji ni wengi, na wao huuliza mapema. Kupima badiliko la Aprili kwa kulinganisha na Januari ni kupima mvua.

Kampuni yetu ya mfano iliondoa ratiba, ikaongeza namna nane za kuuliza bei kwa ulinganifu kamili, na ikahamisha dola 400 kutoka Performance Max kwenda kampeni ya utafutaji iliyokuwa imebanwa na bajeti. Mwezi wa tatu kampeni ya utafutaji ilileta maombi 30 kwa dola 1,840, Performance Max ikaleta 11 kwa dola 800, na jina likabaki na 27 kwa dola 108. Jumla ni maombi 68 kwa pesa ile ile ya mwezi wa pili. Nyongeza ya maombi mawili ni ndogo, na mkurugenzi aliyetaka kufunga kampeni ya utafutaji anaweza kusema hivyo. Lakini angeifunga, maombi 24 ya kila mwezi yangetegemea mashine iliyokuwa ikilipa dola 80 kwa ombi moja. Mwenye akaunti ya namna hii aanze na kazi ya dakika kumi: afungue `Search terms` ya Performance Max, atafute jina la kampuni yake, na ahesabu maombi mangapi yametoka hapo kabla hajahamisha hata shilingi moja.